Muziki wa gemu: ngoma za dhoruba zinachelewa kuingia, zikiingia zinagombana na zeze. Wajuzi naomba msaada

MwanaDunda (Bagamoyo)

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni mpiga ngoma na marimba, nina kijistudio changu hapa Dunda. Binamu yangu anatengeneza gemu la simu: unaendesha ngalawa kutoka Bagamoyo kwenda Unguja, njiani unavua na kukwepa miamba, na hali ya bahari inabadilika yenyewe. Kazi ya muziki kanipa mimi. Nimeshatunga nyimbo za maigizo ya jukwaani na matangazo ya redio, kwa hiyo sikuona tabu. Sasa naiona.

Nina vipande viwili. Cha bahari tulivu ni zeze na sauti ya kinanda nyuma yake. Cha dhoruba ni ngoma tatu: chapuo, vumi na kumbwaya. Vyote viko katika mwendo wa sita kwa nane, tempo 96, mizani 32. Tatizo la kwanza, kila kipande kikifika mwisho na kuanza upya kuna kimya kidogo katikati, unasikia kabisa wimbo unajikwaa. La pili, dhoruba ikianza muziki wa utulivu unaendelea tu kama hakuna kilichotokea. Jana binamu kaniita nione, ngalawa ikazama kabla ngoma hazijalia. Tukamwambia Godot, ile programu anayojengea gemu, akate palepale, ikawa mbaya zaidi, zeze linakatwa katikati ya sauti kama mtu kachomoa waya. La tatu, tulijaribu kucheza vyote viwili kwa pamoja, mwanzoni vinakwenda sawa, lakini kufika mizani ya ishirini hivi ngoma iko kwake na zeze liko kwake.

Kwenye jukwaa najua mwigizaji anaingia lini. Humu sijui mchezaji atafanya nini wala lini. Mnafanyaje?

---

Kambi Popote

Nimeweka kambi hapa na thermosi ya chai. Waje wajuzi.

---

Mtoto wa Makorora (Tanga)

Mkuu mbona mfano tunao sisi wenyewe Waswahili. Wimbo wa Baba Yetu wa Christopher Tin, gemu la Civilization IV la mwaka 2005, Sala ya Bwana kwa Kiswahili mwanzo mwisho, na mwaka 2011 ukapata Grammy, ndiyo ya kwanza kwa muziki wa gemu. Tunga kitu kama kile, kwaya ya nguvu na ngoma, watu watalipenda gemu lako kabla hawajagusa kitu.

---

Doria ya Usiku

Mimi naona mnajitesa. Kinachochosha kwenye magemu ni wimbo mfupi unaojirudia. Tunga wimbo wa dakika tano badala ya hiyo mizani 32. Humo humo weka sehemu tulivu na sehemu kali, mchezaji atapata vyote. Hata kule kujikwaa utakusikia mara moja kila dakika tano, nani atajali?

---

Kinasa

MwanaDunda, kabla sijasema kitu nijibu haya. Faili la zeze lina urefu gani hasa, ulilitoa kwa muundo upi, na mpiga zeze alipiga akisikiliza nini masikioni?

Mtoto wa Makorora, wimbo ule ni mzuri sana lakini unapigwa kwenye menyu, kabla mchezo haujaanza. Pale hakuna anayeuingilia. Mtunzi ana uhuru wote: anaanza chini, anapanda, anafika kileleni, anamaliza, kama wimbo wa albamu. Shida ya mwenzetu iko kwenye kile kinachofuata baada ya kubonyeza kitufe cha kuanza.

---

MwanaDunda

Faili la zeze sekunde 41 na pointi nane, muundo MP3. La ngoma sekunde 41 kamili, MP3 pia. Zeze kapiga mzee mmoja wa Kigogo anayeishi hapa hapa. Bagamoyo zeze si geni, tangu enzi za marehemu Hukwe Zawose alipokuwa pale Chuo cha Sanaa. Nilimwekea kile kitiki cha kuhesabia tempo masikioni, akavua vipokea sauti akasema hicho kidudu kinamwudhi. Kwa hiyo kapiga peke yake, mimi ngoma nikapiga siku nyingine kwa kitiki.

---

Kinasa

Hapo una jibu la maswali mawili kati ya matatu. Twende polepole.

Mizani 32 za sita kwa nane zina mapigo makubwa mawili kila moja, jumla 64. Kwa tempo 96 kila pigo ni sekunde 0.625, kwa hiyo kipande chako kinatakiwa kiwe sekunde 40 kamili. Hicho cha ziada ulichonacho ni mkia: sauti ya mwisho ya zeze na mwangwi wake vikififia hadi kimya. Kwenye wimbo wa redio mkia ni mali. Kwenye lupu, yaani kipande kinachojirudia, unakuwa shimo, maana gemu linasubiri mkia uishe ndipo lianze upya.

Ukikata tu sekunde ya 40, mwangwi nao unakatwa ghafla na utasikia mkato. Dawa yake ni hii. Kwenye programu yako ya kurekodia panga kipande mara mbili mfululizo, kisha toa ile raundi ya pili peke yake, yaani kuanzia sekunde 40 hadi 80. Mwangwi wa mwisho wa raundi ya kwanza unakuwa umeshaingia juu ya mwanzo wa raundi ya pili, na mduara unafunga wenyewe. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, faili lako liwe na sampuli 1,764,000, isizidi hata moja. Kasoro yake ni kwamba mchezo ukianza kwa mara ya kwanza utasikia mwangwi wa kitu ambacho hakijapigwa. Pale mwanzo kabisa mwekee mawimbi na upepo juu yake, hakuna atakayeutambua.

Halafu achana na MP3. Muundo ule unafunga sauti kwa mafungu ya sampuli 1,152, na ukifunga faili unaongeza kimya kidogo mwanzoni na kujaza nafasi mwishoni. Hata ukikata vizuri namna gani, pengo linarudi. Toa OGG, au WAV kama nafasi ipo.

Hilo la zeze na ngoma kuachana halina siri. Mzee anapumua, anaharakisha kidogo anapofurahi na kutulia anapoimba moyoni. Huo ndio upigaji mzuri, lakini hauwezi kulaliwa na ngoma iliyopigwa kwa kitiki siku nyingine. Usimlazimishe kitiki. Mpelekee ngoma zako masikioni, apige juu yake.

---

Doria ya Usiku

Sawa, lakini wimbo wangu wa dakika tano hamjaujibu.

---

BintiPangani

Kaka Doria, kwenye uchovu uko sahihi. Mtu akikwama dakika ishirini kwenye mwamba uleule, lupu ya sekunde 40 ataisikia mara thelathini, na atazima sauti. Lakini ukiweka sehemu kali ndani ya wimbo mmoja mrefu, nani kakuambia dhoruba itakuja pale pale ilipo sehemu kali? Utapata ngoma za kifo mchezaji akivua changu kwa raha zake, na zeze la usingizi akizama.

Na kuna uzito. OGG ya kawaida inakula karibu MB moja kwa dakika. Tabaka nne, yaani faili nne zinazolia kwa pamoja, za dakika tano ni MB 20, na mimi nimeshaona watu huku Pangani wakifuta gemu kwa sababu ya MB chache tu. Natengeneza magemu madogo ya simu, naandika kodi mwenyewe, kwa hiyo nalia na hili kila siku.

Uchovu una dawa nyingine, kimya. Minecraft ilifanya hivyo tangu mwanzo: kipande kinapigwa, kinaisha, halafu dakika kadhaa unabaki na sauti za dunia tu. Zelda ya 2017, Breath of the Wild, ukiwa porini unasikia piano inadondosha sauti mbili tatu na kunyamaza. Wewe una mawimbi, una tanga linapiga upepo. Zeze lipumzike.

---

Mzee Kanuni (Tanga)

Vijana, mimi nimepiga taarabu Tanga hii tangu ujana wangu, udi na kanuni. Nasoma naona mnazungumza kama jambo jipya. Bibi harusi anapoingia ukumbini, nani anajua atatumia muda gani kufika kitini? Mmoja anakwenda haraka, mwingine anasimama kila hatua atunzwe. Kiongozi wetu alikuwa hatazami ala, anamtazama bibi harusi. Kama hajafika, tunarudia kiitikio. Akikaribia, kiongozi ananyanyua kidevu, sote tunajua tunafunga. Hakuna aliyewahi kukatwa katikati ya sauti. Mfundisheni hicho chombo chenu kunyanyua kidevu.

---

MwanaDunda

Shikamoo mzee wangu. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta maneno yake. Shida ni kwamba sisi jukwaani tukiona ishara tunabadilisha mikono papo hapo. Hapa mikono ya yule mzee wa zeze imeshagandishwa ndani ya faili.

---

Kinasa

Marahaba nitamwachia mzee mwenyewe. MwanaDunda, umegusa penyewe.

Zamani magemu hayakuwa na rekodi, yalikuwa na maagizo: piga sauti hii, kwa kasi hii, kwa ala hii. Kompyuta yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipiga, kwa hiyo iliweza kubadilika wakati wowote. Space Invaders, mwaka 1978, ilikuwa na sauti nne tu za besi zinazoshuka, zinajirudia mwanzo mwisho, na adui wakizidi kukaribia zinaharakisha. Mpaka leo ukizisikia moyo unaenda mbio. Mwaka 1991 Michael Land na Peter McConnell wa LucasArts walitumia mtambo wao wa iMUSE kwenye Monkey Island 2. Ukitoka nyumba moja kuingia nyingine pale kijijini, wimbo haukukatwa. Ulisubiri mahali panapofaa, ukapita daraja fupi la muziki, ukaingia wimbo wa nyumba ile. Hicho ndicho kidevu cha Mzee Kanuni.

Ziliposhika hatamu rekodi za wapigaji wa kweli, uzuri wa sauti ukaongezeka, wepesi ukapungua. Zeze lililorekodiwa huwezi kuliharakisha likabaki zeze, utapata kitu kinacholia kama nyuki. Kwa hiyo watunzi wakahamia kwenye njia mbili. Ama unakuwa na vipande vingi na unaruka kutoka kimoja hadi kingine penye mpaka wa mizani, ama unakuwa na tabaka nyingi zinazokwenda pamoja tangu mwanzo, zingine zimefungwa sauti, unafungua unayoitaka.

Nyinyi mmechukua ya kwanza bila kusema mpaka uko wapi. Nahisi binamu kaweka mabadiliko yasubiri kipande kiishe. Dhoruba ikianza sekunde ya pili ya zeze, unangoja sekunde 38. Ngalawa iko chini zamani.

---

MwanaDunda

Ndivyo alivyoweka. Leo kabadilisha iwe `Next Bar`, yaani ibadilike mizani inayofuata ikianza. Imekuwa afadhali, ila bado nahisi kama inachelewa, nahesabu mizani mbili nzima mara nyingine.

---

BintiPangani

Nadhani nimeshaijua hiyo. Fungua mipangilio ya kuingiza lile faili la OGG, utaona `BPM`, `Beat Count` na `Bar Beats`. Hiyo `Bar Beats` inakuja ikiwa 4. Wewe unahesabu mapigo mawili kwa mizani, yeye anahesabu manne, kwa hiyo kwake mizani moja ni zako mbili. Sekunde 2.5 badala ya 1.25. Weka 2. Na hakikisha `BPM` ni 96, ikibaki 0 hajui hata mpaka uko wapi.

---

MwanaDunda

Dada ubarikiwe. Ilikuwa 4.

---

Kinasa

Sekunde 1.25 bado ni ndefu kwa dhoruba. Kwa kazi yako mimi ningetumia tabaka, kwa sababu zeze lina haki ya kuendelea hata baharini pakichafuka. Super Mario World ya mwaka 1990 ilifanya jambo dogo la namna hiyo: ukipanda mgongoni mwa Yoshi, wimbo ni uleule, ila ngoma zinaingia. Ukishuka zinatoka. Hakuna aliyebadilisha wimbo, lakini mtoto anajua yuko mgongoni.

Godot tangu toleo la 4.3 lina `AudioStreamSynchronized`, inapiga faili kadhaa kwa pamoja bila kuachana. Ya kwanza zeze, ya pili ngoma. Ngoma zinalia tangu mwanzo ila sauti yake iko chini kabisa. Dhoruba ikija, unapandisha.

---

BintiPangani

Kwa binamu, kodi yenyewe ni fupi hivi. Tabaka namba 0 ni zeze, namba 1 ni ngoma:

```gdscript
@onready var muziki: AudioStreamSynchronized = $Muziki.stream
var dhoruba := false
var sauti_ngoma := -60.0

func _process(delta):
    var lengo := 0.0 if dhoruba else -60.0
    sauti_ngoma = move_toward(sauti_ngoma, lengo, 120.0 * delta)
    muziki.set_sync_stream_volume(1, sauti_ngoma)
```

Inapanda kutoka kimya hadi juu kwa nusu sekunde, na kushuka vivyo hivyo. Ukitaka ishuke polepole, tenganisha hiyo 120.

Jambo moja ambalo litakusumbua: dhoruba inaanzaje? Kama ni upepo ukivuka kiwango fulani, upepo utacheza juu chini pale pale kwenye mpaka na ngoma zitaingia na kutoka kama taa mbovu. Weka mipaka miwili. Mimi ningesema upepo wa 0 hadi 1, ngoma ziingie ukivuka 0.6, zisitoke mpaka ushuke chini ya 0.45 na ukae huko sekunde nane.

---

MwanaDunda

Nimewasikiliza wote. Mzee wa zeze kaja jana jioni, kasikiliza ngoma masikioni, akacheka, akapiga vizuri kuliko siku ile. Nimetoa raundi ya pili, OGG, sekunde 40 kamili. Kujikwaa hakupo tena. Binamu kaweka tabaka na mipaka miwili.

Lakini limezuka jipya. Ngoma zinaingia kwa wakati, ila mara nyingine zinaingia vibaya kimuziki. Kuna mahali kwenye mizani ya 29 hadi 32 ambapo chapuo inaita na wengine wanajibu, ndiyo ishara ya kurudi mwanzo. Dhoruba ikianza pale, mtu anasikia mwito wa kumalizia kabla ya kusikia ngoma yenyewe. Na kinanda nacho, nilikuwa nimekipa kodi nne za muziki zinazozunguka, zeze likiwa juu yake linasikika limepotoka.

---

Kinasa

Sasa umefika kwenye utunzi wenyewe. Hapa ndipo wengi wanaotoka kwenye nyimbo za redio wanapokasirika.

Wimbo wa kawaida una mwanzo, na kila kitu kinachofuata kinategemea umeusikia huo mwanzo. Tabaka ya gemu haina mwanzo. Mchezaji anaweza kuifungua kwenye mizani ya 3, ya 17 au ya 30, na popote atakapoingia panatakiwa pasikike kama mlango. Kwa hiyo mwito wa chapuo utoe humo. Acha ngoma zinazunguka kwa mwendo wake, zitofautiane kidogo kidogo lakini pasiwepo tukio. Mwito uurekodi faili la peke yake, mizani mbili tu, gemu liupige kwa amri: dhoruba inapozaliwa, au ngalawa inapogonga mwamba. Ulikuwa unapamba, sasa unakuwa ishara, na utasikika wakati una maana.

Faida nyingine: mwito huo unaficha kuchelewa. Radi inapiga na chapuo inagonga mara moja papo hapo, bila kungoja chochote. Ndani ya hiyo nafasi ngoma nyingine zinangoja pigo linalofuata ziingie. Kungoja pigo moja ni sekunde 0.625 bahati ikiwa mbaya kabisa, na sikio limeshashughulishwa. Hapo huhitaji hata kupandisha polepole. Ngoma inayofifia kuingia mimi siipendi, inasikika kama gari linatoka mbali.

Kuhusu kinanda, hizo ni shida mbili zimevaa kanzu moja. Ya kwanza, zeze la Kigogo halikutungwa kwa vitufe vya piano. Sauti zake zinafuata zile nyembamba zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja, baadhi zinaangukia katikati ya vitufe. Huwezi kulitengeneza, na usilitengeneze. Ya pili, kodi zinazozunguka zinadai kila tabaka izunguke nazo. Red Dead Redemption ya mwaka 2010, kazi ya Bill Elm na Woody Jackson, walirekodi vipande karibu vyote kwa tempo 130 na ufunguo wa A maina, ili kipande chochote kikae juu ya kingine bila kugombana. Gharama yake ni kwamba wimbo hausafiri. Unakaa mahali pamoja na kubadilisha nguo. Kwa jangwa la farasi ilifaa. Kwako nayo itafaa: kinanda kibaki na sauti moja ya chini inayoburura, ile ile zeze linayoiita nyumbani, na ya tano yake. Zeze lipotoke linavyotaka juu yake.

---

Mzee Kanuni (Tanga)

Marahaba wajukuu. Lakini hapo kwa "wimbo hausafiri" mimi nashika shati. Kanuni inapobadili makamu, ule mpangilio wa sauti za wimbo, ukumbi mzima unavuta pumzi. Ukimnyima mtunzi hilo umembakishia nini? Mtapata muziki wa kungojea hospitali.

---

Doria ya Usiku

Mzee kasema kweli. Ndiyo maana nikasema wimbo mrefu.

---

Kinasa

Mzee wangu, sibishi. Inawezekana kusafiri, ila unasafiri kwa mizigo. Tuseme unataka zeze lihamie makamu nyingine baharini katikati: inabidi utunge na ngoma, na mwito, na kinanda cha pande zote mbili, na daraja la kwenda na la kurudi, maana mchezaji anaweza kugeuza ngalawa. Vipande vinne vinakuwa kumi. Watu wenye bajeti wanafanya. Austin Wintory kwenye Journey ya 2012 alifanikiwa kuufanya muziki usafiri na mchezaji kama hadithi moja, lakini mchezo wenyewe ni mfupi na unakwenda mbele tu, hurudi nyuma. Bahari ya MwanaDunda unaweza kurudi.

---

BintiPangani

Na tukubaliane ukweli mwingine: nusu ya wachezaji watacheza ndani ya daladala bila sauti kabisa. Mimi nisingetunga daraja la kurudi hata moja kabla sijaona kama watu wanafika Unguja.

---

Mtoto wa Makorora (Tanga)

Kwa hiyo Baba Yetu hapana?

---

BintiPangani

Kwenye menyu, ndugu yangu. Weka kwaya ya mtaa wenu kwenye menyu, mchana na usiku, hakuna atakayekukatiza.

---

MwanaDunda

Nimefanya haya: chapuo nimeirekodi upya bila mwito, mwito umekaa peke yake mizani mbili, kinanda kimebaki na sauti moja na ya tano yake. Halafu nikafanya jaribio. Binamu kacheza, mimi nimekaa nimeipa skrini mgongo, nasikiliza tu. Nilikuwa nataja: sasa upepo, sasa umegonga, sasa pametulia. Kuingia kwa dhoruba nilipata kila mara. Kutoka sikupata. Ngoma zinafifia, zeze linabaki, lakini sijui kama dhoruba imekwisha au inajipanga upya.

Nikajaribu kuacha ngoma mpaka mwisho wa mizani nane ndipo zifunge kwa pigo la pamoja. Inapendeza, inasikika kama ngoma ya kweli imemalizwa. Ila mizani nane ni sekunde kumi, bahari imeshakuwa shwari, samaki wanaruka, na mimi bado napiga vita.

---

Kinasa

Funga kwenye mizani ya pili, sekunde mbili na nusu. Rekodi pigo la kufunga faili la peke yake kama ulivyofanya mwito, lipigwe juu, na hapohapo tabaka ya ngoma ifungwe.

---

BintiPangani

Mimi sifungi kwa pigo. Ukifunga kwa kishindo halafu upepo ukarudi baada ya sekunde tatu, umemdanganya mchezaji. Toa ngoma moja moja: chapuo kwanza, kumbwaya baadaye, vumi libaki chini peke yake mpaka zile sekunde nane zipite. Vumi likinyamaza ndipo ajue pameisha. Itabidi kila ngoma iwe na faili lake, tabaka nne badala ya mbili, karibu MB tatu zote.

---

Mzee Kanuni (Tanga)

Huyu binti wa Pangani ana sikio. Mpiga ngoma mkubwa ndiye wa mwisho kuondoka.

---

MwanaDunda

Ngoma zote tatu nilizinasa kwa maikrofoni moja, zimechanganyika. Itabidi nipige upya kila moja peke yake huku nikisikiliza zingine, na vumi nililoazima limerudi kwa mwenyewe Kaole. Kesho naliendea. Kinasa, lile pigo lako la kufunga nitalirekodi vilevile nikiwa nalo mkononi, binamu aweke yote mawili tusikie lipi linakaa.